Barua yangu ya pili kwa mfuko wa akiba wa marehemu mume wangu, na kwa nini ile ya kwanza ilirudi

Mume wangu alifariki Machi 2022, hapa Mombasa, siku tatu tu hospitali. Alikuwa fundi wa mashine kwa kiwanda kimoja huku Changamwe, miaka kumi na moja kazi hiyo hiyo. Kiwanda kilikuwa na mfuko wa akiba wa wafanyakazi, kila mwezi anakatwa asilimia 5 ya mshahara na kampuni inaongeza 7.5. Mshahara wake wa mwisho ulikuwa shilingi 31,000 kwa hiyo yeye akiweka 1,550 na kampuni 2,325. Nazijua hizi hesabu leo, wakati ule sikuzijua, nilikuwa naona tu mstari kwenye peslipu na sikuwahi kuuliza ni wa nini.

Naandika haya kwa sababu kuna dada ameniuliza barua ile niliiandikaje, nikamwambia ngoja nikuandikie yote maana barua peke yake haikusaidii kama hujui kwa nini kila kitu kimewekwa pale.

Kwanza eda. Miezi minne na siku kumi, na kwetu eda inakaliwa kweli kweli, sheikh alisema kama kuna dharura naweza kutoka mchana nikarudi lakini wazee hawakutaka kusikia, ofisi ziwe na subira. Basi aliyezunguka ni kakaangu. Na yeye ndiye aliyeandika barua ya kwanza, mwezi wa nne katikati ya Ramadhani, kwa Kiingereza kizito alichokopi sehemu kwa rafiki yake. Nimebaki na nakala. Ukurasa mzima ni vile marehemu alivyokuwa mtu mwema, vile ameacha mayatima wawili, vile kodi ya nyumba imefika, halafu mwisho kabisa "tunaomba pesa zetu za mafao". Nambari ya uanachama hakuna. Tarehe ya kufa hakuna! Ameambatanisha kibali cha mazishi na kopi ya kitambulisho changu, basi.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano, mistari minne. Poleni kwa msiba, leteni cheti cha kifo si kibali cha mazishi, jazeni fomu ya madai, na mtueleze mnadai mafao gani. Ile ya mwisho ndiyo iliyonichoma. Mafao gani tena? Pesa za mume wangu!

Kumbe swali lilikuwa la maana. Mama mmoja wa ofisi ya wafanyakazi pale kiwandani (Mungu amlipe, alinipigia kwa simu yake mwenyewe) akanifahamisha kwamba mtu akifa akiwa kazini kuna vyungu zaidi ya kimoja na kila chungu kina mwenyewe. Kuna NSSF, hiyo ni ya serikali na unaenda kwao na fomu zao. Kuna bima ya maisha ya kundi kama mwajiri alikata, hiyo inalipwa na kampuni ya bima. Kuna mshahara wa siku alizofanya na likizo ambayo hakuchukua, hiyo ni ya mwajiri mwenyewe. Halafu ndio kuna huu mfuko wa akiba, ambao si wa mwajiri ijapokuwa jina la kampuni limo, unasimamiwa na wadhamini, na hesabu zinashikwa na kampuni nyingine kabisa Nairobi. Ukiandika "naomba mafao yote" kila mmoja anadhani mwenzake ndiye anayeshughulika, na barua yako inalala.

Akaniambia kitu kingine. Kwa kuwa ni mfuko wa akiba na si wa pensheni, hakuna cha kulipwa kidogo kidogo kila mwezi, hesabu yote inatoka mara moja, alichoweka yeye na alichoweka mwajiri na faida yake. Ndio maana wanakuwa wakali kwenye makaratasi, pesa ikishatoka kwa mtu asiyestahili hairudi.

Sasa yakaja mawili ambayo ndiyo yaliyotuchelewesha hasa.

La kwanza ni jina. Mume wangu kwenye kitambulisho ni Mohamed, m moja. Siku ile hospitali mwamu wangu ndiye aliyetoa maelezo, na karani akaandika Mohammed, m mbili, na cheti cha kifo kikatoka hivyo. Cheti cha ndoa yetu kwa Kadhi kina m moja. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa kwanza kina m moja, cha wa pili kina m mbili na hilo ni langu mimi maana nilijaza mwenyewe na sikuwa na habari. Wewe unaona ni mtu mmoja, mke unamjua mumeo, lakini mtu aliyekaa Nairobi na faili anaona watu wawili. Tena kitambulisho chenyewe cha asili hatukuwa nacho, walikichukua siku ya kibali cha mazishi. Nilipekua nyumba nzima nikapata fotokopi ndani ya bahasha ya makaratasi ya mkopo wa pikipiki, imefifia lakini nambari inasomeka. Hiyo fotokopi iliyofifia ndiyo iliyotuokoa, kwa sababu nambari ya kitambulisho ndiyo ile ile iliyoko kwenye stetimenti ya mfuko, na nambari haina m moja wala m mbili. Kama una mgonjwa nyumbani, sitaki kumtabiria mtu mabaya, lakini kopi za kitambulisho ziwe mbili tatu mahali unapopajua.

Tulifikiria kwenda kurekebisha cheti cha kifo chenyewe. Inawezekana lakini ni safari nyingine na kungoja kwingine. Tulichofanya ni hati ya kiapo kwa wakili, ukurasa mmoja, kwamba Mohamed mwenye kitambulisho nambari fulani na Mohammed aliyeandikwa kwenye cheti cha kifo nambari fulani ni mtu yule yule mmoja, na kwamba jina la baba na la babu halikubadilika popote. Nikaapa mimi na mwamu akaapa yake kwa sababu yeye ndiye aliyelitaja jina hospitali. Mfuko wetu ulikubali hivyo. Uliza kwanza wako unakubali nini kabla hujamlipa wakili.

La pili lilikuwa zito zaidi na nilikaa siku mbili sijalala. Yule mama wa ofisini alipofungua faili akakuta fomu ya kutaja wanufaika aliyojaza mume wangu siku anaanza kazi, Februari 2011. Sisi tulioana 2014. Fomu ina jina moja tu, la mamake, asilimia 100. Hakuwahi kuibadilisha. Si kwamba alikusudia, namjua, ni mtu wa kusema "tutafanya kesho", na nani anafikiria kifo akiwa na miaka thelathini na kitu.

Hapo familia ikaanza kuvutana. Mwamu akasema haya ni mirathi, tuende kwa Kadhi yagawanywe, mama apate sudusi yake, mke thumni yake, kinachobaki cha watoto. Mjomba mmoja akasema hapana, karatasi imesema mama, basi ni za mama zote. Mimi nikanyamaza maana mjane akisema kitu kuhusu pesa anaonekana alikuwa akiingojea maiti.

Kakaangu akaenda kuuliza kwa jamaa anayefanya kazi za hizi pensheni. Akarudi na kitu ambacho hakuna aliyekijua kwetu. Sheria ya Mafao ya Uzeeni ya Kenya, ile ya 1997, kifungu cha 36A, inasema mwanachama akifa mafao yake kwenye mfuko si sehemu ya mali yake ya kurithiwa, yanalipwa na wadhamini kwa kufuata kanuni za mfuko. Yaani hawangoji hati ya mirathi kutoka kortini. Pesa zake za benki, ndio, hizo zilitaka mirathi na tulienda kwa Kadhi kwa hizo. Hizi hapana. Tukaomba nakala ya kanuni za mfuko wetu, wakatupa, na kipengele cha mafao ya kifo kikasema wadhamini wataitazama fomu ya marehemu lakini uamuzi ni wao, wakiangalia nani hasa alikuwa akimtegemea. Mfuko mwingine unaweza kuwa umeandika tofauti, ndio nasema soma wako. Kama fomu ya marehemu imekutaja wewe na watoto sawa sawa basi hii sehemu yote ruka.

Kwa hiyo kazi ya barua ya pili haikuwa kulia. Ilikuwa kuwaonyesha wadhamini nani alikuwa akila kutoka mkono wa huyu mtu siku anakufa.

Na hapa lazima nimtaje mavyaa. Nilimfuata chumbani kwake jioni nikamweleza fomu inavyosema, sikumficha, nikamwambia mama karatasi ina jina lako peke yako, ukitaka kuidai ni haki yako kuiuliza. Akanyamaza, akawa anakunja leso yake anaikunjua, halafu akasema "Mwanangu, mimi akinipa elfu tatu kila mwezi za dawa. Niandikie hizo tu. Hawa watoto ni damu yangu, nitakula haki yao vipi." Asubuhi yake tukaenda kwa chifu pamoja, mimi eda imeshakwisha (iliisha siku chache baada ya Idi ya kuchinja), na akatoa maelezo yake mbele ya chifu kwa mdomo wake. Barua ya chifu ikataja wategemezi wote wanne, mama mzazi, mke, watoto wawili. Kulikuwa na watu waliotaka jina la mama lisiwepo kwenye ile barua ili mimi nipate zaidi. Ningefanya hivyo wadhamini wangeona jina kwenye fomu na halipo kwa chifu, na hapo ungeanza uchunguzi usioisha, mbali na kwamba ni dhambi.

Basi nikaandika. Kwa Kiswahili, mwenyewe. Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza, sikuona kwa nini nidai pesa kwa lugha ambayo ikinigeukia siwezi kujitetea. Karani aliyepokea alishangaa kidogo akacheka, akagonga muhuri. Hii hapa, nimetoa majina na nambari:

Kwa Wadhamini wa Mfuko wa Akiba wa Wafanyakazi,

KUH: MADAI YA MAFAO YA KIFO, MAREHEMU (jina kama lilivyo kwenye kitambulisho), NAMBARI YA UANACHAMA (…), NAMBARI YA KITAMBULISHO (…)

Mimi ni mjane wa mwanachama aliyetajwa juu. Alijiunga na mfuko Februari 2011 na alifariki tarehe 9 Machi 2022 akiwa bado kazini. Barua hii inahusu akiba yake kwenye mfuko huu peke yake. Madai ya NSSF na ya mwajiri nimeyapeleka kando kwa wahusika.

Naomba mafao yake ya kifo yalipwe kwa waliokuwa wakimtegemea. Nafahamu kwamba fomu ya wanufaika ya 2011 imemtaja mama yake mzazi peke yake. Ilijazwa kabla ya ndoa yetu na kabla watoto hawajazaliwa. Siku anafariki waliokuwa wakimtegemea ni wanne: mimi mkewe, watoto wetu wawili wa miaka 7 na 4, na mama yake ambaye alikuwa akimpa shilingi 3,000 kila mwezi. Mama anajua kuhusu barua hii na maelezo yake yameambatanishwa. Naomba mtumie uamuzi mliopewa na kanuni za mfuko kuhusu mafao ya kifo.

Jina la marehemu limeandikwa kwa namna mbili kwenye hati hizi. Tafadhali someni kiambatisho cha 3 kabla ya kusoma vingine.

Nimeambatanisha:
1. Fomu ya madai, imejazwa na kutiwa sahihi.
2. Cheti cha kifo, nakala iliyothibitishwa.
3. Hati mbili za kiapo kuhusu jina, yangu na ya kaka wa marehemu.
4. Fotokopi ya kitambulisho cha marehemu. Cha asili kilichukuliwa wakati wa kibali cha mazishi.
5. Stetimenti ya mfuko ya 31 Disemba 2021 na peslipu yake ya mwisho.
6. Cheti cha ndoa kutoka kwa Kadhi, 2014.
7. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto wawili.
8. Barua ya chifu ikitaja wategemezi.
9. Maelezo ya mama mzazi yenye sahihi yake, na kopi ya kitambulisho chake.
10. Kitambulisho changu, pini yangu ya KRA, na stetimenti ya benki yenye jina langu na nambari ya akaunti.
11. Kurasa sita za jumbe za M-Pesa zikionyesha pesa alizomtumia mama.

Nakala zote, isipokuwa ile ya kiambatisho cha 4, zimelinganishwa na za asili, nami niko tayari kuzileta mkizihitaji. Naomba mnijulishe kwa maandishi kama kuna kinachokosekana, vyote kwa pamoja.

Wenu, (jina, simu, sahihi, tarehe)

Hicho kiambatisho cha 11 hakikuwa kwenye orodha yao. Nilikiweka kwa sababu kusema "alikuwa akimsaidia mama" kila mtu anasema. Ujumbe wa M-Pesa tarehe tano ya kila mwezi ni kitu kingine. Na yale maneno "vyote kwa pamoja" niliyaweka makusudi, maana mchezo wa kuambiwa leo kimekosekana hiki na mwezi ujao kile nilishauonja.

Tulikosea kitu kimoja bado. Stetimenti ya benki niliyoweka ilikuwa ya akaunti ya pamoja mimi na marehemu. Walikataa, nikafungua yangu mwenyewe, na wadhamini wakataka kila mtoto naye awe na akaunti ya mtoto yenye jina lake nami nikiwa msimamizi. Halafu Agosti ikawa uchaguzi mkuu, hakuna aliyekuwa akijibu simu Nairobi wala Mombasa. Katikati ya mwezi wa tisa nikaandika ukumbusho mfupi, nikataja tarehe ya muhuri wao wa kupokea, nikasema nisipojibiwa nitaomba uamuzi wao uangaliwe na RBA, ambao ndio wasimamizi wa mifuko hii yote. Sikutisha, njia iko kwenye sheria, unaanza na wadhamini kwa maandishi, usiporidhika unaenda kwa mkuu wa RBA, na baada yake kuna baraza la rufaa. Sikufika huko. Wiki mbili baadaye nikapigiwa.

Stetimenti ya Disemba ilikuwa shilingi 687,400. Wakaongeza michango ya Januari mpaka Machi, 11,625, na faida mpaka siku ya kulipa, jumla ikawa 736,000. Wadhamini wakaamua mama asilimia 20, mimi 40, watoto 20 kila mmoja. Kwangu ikawa 294,400 na kwa mama 147,200. Mwamu akapiga hesabu yake kimya kimya, sudusi ingekuwa kama 122,600, akaona mama kapata zaidi, hakusema tena kitu.

Ziliingia Novemba, siku ya Jumatano. Nilikuwa nasuka mtoto nywele, simu ikalia, nikaisoma mara tatu. Nikampelekea mavyaa simu chumbani na ujumbe wake yeye ulikuwa haujaingia bado, tukakaa kitandani wote wawili tunaitazama simu yake ndogo ile ya vibonye mpaka saa tisa ilipolia, akaniambia soma wewe, mimi siioni.